Shangazi, tulikutana kwenye apu: tuseme nini mbele ya wageni?

Shikamoo shangazi. Nina miaka 31 na baada ya wiki 5 naolewa. Mshereheshaji ametutengea nafasi mimi na mwenzangu tuzungumze wenyewe kabla ya kugonga glasi, tusimulie tulivyokutana, na watu wacheke. Shida ni kwamba tulikutana kwenye apu ya kutafutia wachumba. Rafiki zetu wote wanajua. Wazee hawajui, na mama yangu ameshawaambia ndugu kwamba tulikutana kwenye semina.

Ya kuchekesha yapo. Ujumbe wake wa kwanza alitaka kuandika "Habari za mchana", simu ikajirekebishia yenyewe, ikaja "Habari za mchanga". Nikamjibu, "Mchanga haujambo, kokoto ndizo zinaumwa." Siku ya kwanza kuonana tulikaa meza mbili tofauti kwenye mgahawa mmoja, kila mtu akidhani mwenzake hajafika, kwa sababu kwenye picha alikuwa na nywele nyingi na siku hiyo alikuwa na kipara. Nilimtumia "Kokoto zimechoka kusubiri", nikasikia mtu anacheka meza ya nyuma. Yeye anasema tulikaa hivyo dakika 5. Ujumbe kwenye simu unaonyesha 20. Tena profaili yake ilisema anapanda milima, kumbe ngazi za ghorofa ya pili zinamtoa jasho. Mimi nami niliandika najua kupika.

Mwenzangu anataka kufungua kwa kusema, "Nilimwagiza mtandaoni, akafika bila kasoro," halafu asimulie wanaume walioniandikia kabla yake. Rafiki zake wamecheka hadi machozi. Mimi tumbo linanisokota. Tumeandika kurasa 6. Tufanyeje?

Bibi harusi mtarajiwa

*

Marahaba mwanangu, na hongera sana. Kabla ya kuandika safu hii nilikuwa mshereheshaji wa harusi kwa miaka mingi, kwa hiyo barua yako nimeisoma kama mtu aliyesimama pembeni ya maharusi wengi huku karatasi zikitetemeka mikononi mwao. Naanza na mama, maana hapo ndipo hotuba yenu inaweza kuvunjika hata ikiandikwa vizuri namna gani.

Ukisimama mbele ya ndugu zake ukataja apu, kabla yeye hajajua kwamba utaitaja, watakachosikia ndugu si jinsi ulivyompata mume. Watasikia kwamba mama alisema uongo. Vichwa vitageuka kumtazama, yeye hana kipaza sauti cha kujitetea, na kuanzia hapo hakuna atakayesikia habari za mchanga. Nenda ukakae naye wiki hii, si siku mbili kabla ya harusi. Usimuulize kama mseme ukweli au msiseme, kwa sababu swali la namna hiyo linambana. Msomee sentensi zenyewe mtakazotamka, neno kwa neno. Wazazi wengi wanaogopa apu kwa sababu ya mambo machafu waliyosikia yanatokea humo. Akisikia kwamba kinachosimuliwa ni salamu iliyokosewa herufi moja, hofu inapungua yenyewe. Akikubali, mwombe awadokeze mwenyewe wale ndugu wawili watatu aliowaambia ya semina, ili siku ya harusi wasishtuke.

Na akikataa? Basi anzeni hadithi kwenye ujumbe. "Siku moja niliingia kwenye simu, nikakuta ujumbe" ni kweli tupu. Rafiki zenu watajua ulikotoka, wazee watacheka kwenye mchanga vilevile, na neno apu halitakuwa limetamkwa. Semina ndiyo msiitaje kabisa, hata kwa utani.

Tuchukue kwamba mama amekubali. Sasa inabidi apu ielezwe kwa wasioijua, na hapa maharusi wengi hujikwaa. Wanaanza kueleza kuteleza kwa kidole: kulia ukimpenda, kushoto usipompenda, na mkitelezeana kulia wote inakuwa mechi. Ni kweli, ndivyo apu nyingi zinavyofanya kazi tangu apu ya Tinder ilipoueneza mtindo huo. Lakini mzee anayesikia hivyo kwa mara ya kwanza anapata picha ya mtu anayetupa sura za watu kwa kidole, na bintiye akiwa mojawapo. Tena maelezo hayo yanachukua nusu dakika ambayo haina kicheko. Semeni hivi tu: "Kuna apu ambayo mtu anaweka picha yake na maneno machache ya kujieleza, na wawili wakipendezwa wote, ndipo wanaweza kuandikiana." Sentensi moja inatosha. Neno linalofanya kazi humo ni "wote". Mzee anasikia kwamba mlichaguana, na hicho ndicho alichokuwa anataka kujua.

Kurasa 6 za kuchapa ni kama maneno 1,800. Kwa mwendo wa mtu anayesoma ukumbini kwa utulivu, hayo ni zaidi ya robo saa, na hapo vicheko havijahesabiwa. Lengeni dakika 4. Maana yake maneno 400 hivi, na kwa hiyo hadithi nyingi zitabaki nje.

Mchanga ubaki. Umebebwa na herufi moja, hauhitaji mtu ajue chochote kuhusu simu, mtoto wa miaka 10 na bibi yake wanauelewa kwa pamoja, na una jibu. Jibu ndilo linaloufanya kuwa hadithi yenu wawili. Bila kokoto ingekuwa tu ni mtu aliyekosea kuandika. Meza mbili nazo zibaki, kwa sababu nyinyi wawili mnabishana kuhusu dakika, na mabishano ya wapendanao mbele ya watu ni kicheko kilichopikwa tayari. Halafu angalia kitu ambacho pengine hamjakiona: kokoto zinarudi kwenye meza. Hadithi mbili zimeshafungwa pamoja, hamna haja ya kutafuta daraja.

Milima iachwe. Si kwamba haichekeshi. Hesabu makosa ya kila mmoja katika kurasa zenu: yeye kakosea salamu, kaweka picha ya zamani, kadanganya milima. Ukiongeza hilo la tatu anakuwa kichekesho cha sherehe yake mwenyewe, na wazazi wake wapo. Mapishi pia yaache, kwa sababu tofauti kabisa. Utani wa mchanga unaisha usiku uleule. Utani kwamba bibi harusi hajui kupika utakufuata kwenye kila mkusanyiko wa ukoo.

Tumbo lako lilikuwa na haki kuhusu ile ya kuagiza mtandaoni. Rafiki zake walicheka kwa sababu wanakujua, wanajua na yeye anavyokuheshimu. Baba yako ukumbini hasikii hayo yote. Anasikia binti yake akifananishwa na kifurushi, tena katika sentensi ya kwanza, na mtu aliyeudhika mwanzoni hacheki tena kirahisi. Hao wanaume wengine nao hawana kiti kwenye sherehe yenu. Ukiwaingiza, kila mgeni anaanza kuwahesabu. Mwambie mwenzako kwa upole, na usimnyang'anye ufunguzi, maana naona anautaka sana. Mpe ufunguzi ambao anajicheka mwenyewe. Kanuni niliyokuwa nawapa maharusi ni kwamba kila mmoja asimulie kosa lake kwa mdomo wake. Kipara akikiri yeye kuwa ni chake ni kicheko. Ukisema wewe kwamba ni chake, nusu ya ukumbi inamwonea huruma.

Nimechukua vitu vyenu nikavipanga hivi. Badilisheni maneno yafanane na midomo yenu.

YEYE: Wazazi wetu, ndugu na marafiki, asanteni kwa kuja. Wengi mmetuuliza tulikutana wapi. Tulikutana kwenye simu. Kuna apu ambayo mtu anaweka picha yake na maneno machache ya kujieleza, na wawili wakipendezwa wote, ndipo wanaweza kuandikiana. Mimi nilipendezwa. Na kwa bahati yangu kubwa, naye akapendezwa. Nikakaa na ile simu natafuta neno la kwanza. Nikaandika, nikafuta. Nikaandika, nikafuta. Mwisho nikasema, wewe umelelewa vizuri, msalimie tu. Nikaandika, "Habari za mchana." Nikatuma. Nikaweka simu mezani, nimeridhika. Sikusoma nilichotuma.

WEWE: Mimi nilisoma. "Habari za mchanga." (Subiri.) Nikawaza, huyu kaka ananiulizia mchanga. Labda anajenga. Labda amenikosea na mwenye lori. Lakini na mimi nimelelewa vizuri, salamu haiachwi bila jibu. Nikamwandikia, "Mchanga haujambo, kokoto ndizo zinaumwa." (Subiri.)

YEYE: Nikasoma jibu lake mara tatu. Nikasema, masikini, dada mzuri hivi, kumbe haelewi salamu. Ndipo macho yakapanda juu kidogo, nikaona nilichoandika mimi. Nilitaka kuifuta apu nzima siku hiyohiyo. Lakini nikajiuliza, nitampata wapi tena mtu ambaye nikikosea haniachi na aibu yangu, anaingia humo humo tukae wote?

WEWE: Tukaandikiana, tukapanga kuonana mgahawani. Nikafika, nikakaa, nikamtafuta mwanaume mwenye nywele nyingi kama wa kwenye picha. Hakuna. Nikaandika, "Nimefika." Akajibu, "Na mimi nimefika." Nikatazama tena. Kulikuwa na familia moja na watoto wao, na kaka mmoja mwenye kipara.

YEYE: Mwenye kipara ni mimi. (Subiri.) Ile picha ilikuwa ya zamani kidogo. Nywele zile nilizipenda, sikuwa tayari kuagana nazo. Basi tukakaa hivyo, migongo imetazamana, dakika 5.

WEWE: Dakika 20.

YEYE: Dakika 5.

WEWE: Ujumbe ninao.

YEYE: Dakika 20. (Subiri.)

WEWE: Mwisho nikaandika, "Kokoto zimechoka kusubiri." Na meza ya nyuma yangu nikasikia mtu anacheka. Nilikitambua kicheko hicho kabla sijamwona mwenye nacho. Niligeuka, na tangu siku hiyo sijakaa meza nyingine.

Hapo utani unaisha, na uishe kweli. Nusu dakika ya mwisho ni ya shukrani, mmoja kwa wazazi wa mwenzake, si wake: yeye amshukuru mama yako na baba yako, wewe uwashukuru wa kwake. Maneno mawili matatu kwa kila upande, kwa jambo moja halisi walilowafanyia. Msirudishe kichekesho katikati ya shukrani, kwa sababu wazazi watabaki hawajui kama wanashukuriwa au wanataniwa.

Halafu glasi. Mara nyingi nimeona hotuba nzuri ikimalizika kwa mkanganyiko: maharusi wameinua glasi, nusu ya wageni wamesimama, nusu wamekaa, wengine hawana kitu mkononi. Mwambieni mshereheshaji ahakikishe kila meza ina vinywaji kabla hamjashika kipaza sauti, kinywaji chochote kile. Na waambieni watu cha kufanya, kwa mpangilio. Nyinyi mna bahati, kwa sababu mchanga unawapa kiitikio:

YEYE: Naomba tusimame, tuinue glasi. Tukiwasalimu kwa salamu yetu, mtuitikie "Haujambo!" Tayari?

WOTE WAWILI: Habari za mchanga?

Ukumbi mzima utajibu, na bibi yako aliyekuwa hajawahi kusikia neno apu atakuwa ameingia ndani ya utani wenu kwa sauti yake mwenyewe. Ndiyo sababu nilitaka mchanga ulindwe na usibanwe na milima wala mapishi. Utani wa kurudiwa unahitaji nafasi: mara ya kwanza watu wanaujua, mara ya pili kwenye meza wanaukumbuka, mara ya tatu wanausema wao. Ukiutaja mara ya nne, umeshachakaa.

Angalia pia jinsi zamu zilivyokaa. Nimewapa vipande virefu virefu, isipokuwa pale kwenye dakika 5 na 20. Hiyo ni kwa sababu ya kipaza sauti. Kikiwa kimoja mkakipitisha kila sentensi, kati ya mstari na mstari kuna sekunde mbili za mikono kugusana na kipaza sauti kukwaruza, na kicheko hakingoji sekunde mbili. Ombeni viwili. Kama kipo kimoja tu, basi kwenye mabishano ya dakika yeye akishike katikati yenu, chini kidogo ya midomo, na msimame mabega yamegusana. Mkijaribu kukipitisha hapo, kicheko chenu kikubwa kitakufa.

Pale nilipoandika "subiri", mnyamaze kweli. Ukumbi wenye rika mchanganyiko hucheka mara mbili. Vijana wanacheka kwanza, kisha mtu mmoja anamnong'oneza shangazi yake, "Alitaka kusema mchana," ndipo meza za mbele zinacheka. Mkiendelea kusema baada ya kicheko cha kwanza, mnakifunika cha pili, na sentensi inayofuata hakuna aliyeisikia. Ngojeni mpaka sauti zianze kushuka, siyo mpaka ziishe kabisa. Na pasipochekwa mahali mlipotegemea, endeleeni kana kwamba ilikuwa sentensi ya kawaida. Kosa kubwa ni kuueleza utani: "Yaani simu iliandika mchanga badala ya mchana." Mkiwa mazoezini mkajikuta mnasema "yaani" baada ya kichekesho, kichekesho hicho kimeshindwa, kiondoeni.

Msisome kwenye simu, hata kama kila kitu kilianzia humo. Kioo kinazimika, arifa zinaingia juu ya maneno, na mtu aliyeinamia simu anaonekana hayupo. Andikeni kwenye kadi ngumu za ukubwa wa kiganja, herufi kubwa, namba kwenye kona, kila mmoja kadi zake, lakini za kila mmoja ziwe na mstari wa mwisho wa mwenzake ili ajue lini aingie. Na skrinishoti msioneshe ukutani. Nimeona ikijaribiwa. Watu wanaacha kuwasikiliza, wanasoma. Wanasoma na mistari ya juu na ya chini ambayo hamkukusudia. Tena kicheko kinatokea kabla bibi harusi hajafungua mdomo. Ujumbe utamkwe kwa mdomo. Mistari michache ya ujumbe ndani ya hotuba nzima inatosha, na tayari mnayo.

Mazoezi: someni kwa sauti mkiwa mmesimama, saa ikihesabu, mara moja kwa siku kwa siku kumi. Ikitoka dakika 3 bila watu, ukumbini itakuwa 4. Ikizidi 3 mkiwa wawili peke yenu, punguzeni maneno, msiongeze kasi. Katikati ya siku hizo, msomeeni mtu mmoja mzima asiyetumia apu na binamu mmoja kijana, kwa wakati mmoja, chumba kimoja. Msiwaulize kama ni nzuri, watasema ni nzuri. Tazameni nyuso zao. Mkubwa akimgeukia kijana kuuliza kitu, palipo na swali lake pana neno la kubadilisha. Kijana akimtazama mkubwa kwa wasiwasi kabla ya kucheka, hapo pana utani wa kuondoa.

Kwa mama, jambo moja la ziada kama atakubali yale ya mwanzo. Siku hiyo muweke mahali ambapo utamwona unaposema "salamu haiachwi bila jibu", na umtazame yeye, maana aliyekufundisha ni nani kama si yeye? Hapo wageni watageuka kumtazama, lakini safari hii wakiwa wanatabasamu. Mwambie mapema kwamba utamtazama, ili avae miwani yake.